Kufua Mtandio wa Shifoni Bila Kuuharibu

Shifoni ni kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, na ufumaji wake ni ule ulio rahisi kuliko yote: uzi wa mshindio hupita juu ya uzi mmoja wa mtande, kisha chini ya unaofuata, hivyo hivyo hadi mwisho wa upana. Kinachoitenga na vitambaa vingine vyepesi ni nyuzi zenyewe. Husokotwa kwa nguvu nyingi kabla ya kufumwa, na kwa kawaida uzi uliosokotwa kuelekea kulia hupangwa pamoja na uliosokotwa kuelekea kushoto. Kila uzi hutaka kujifungua upande wake, na jirani yake huuzuia. Mvutano huo ndio unaokipa kitambaa vijikunjo vidogo visivyoonekana kwa urahisi, mguso wa kukwaruza kidogo, na ule mwanguko mzuri wa mtandio unapotupwa begani.

Umbile hilo hilo ndilo linaloleta shida wakati wa kufua. Nyuzi ni nyembamba, zimeachana, na hazina manyoya ya kushikana kama nyuzi za pamba. Ncha ya kucha au jino la zipu likipita, huingia katika nafasi iliyo kati ya nyuzi mbili na kuvuta mmoja wao kama kamba inavyovutwa ndani ya mkunjo wa kiuno cha suruali: mahali pamoja hutokea kitanzi, na kando yake kitambaa hujikunyata kwa mstari mrefu. Kitambaa kikivutwa kwa nguvu kwa mshazari, nyuzi huteleza na kuacha mwanya bila hata uzi mmoja kukatika. Madhara mengi ya namna hii hutokea mtandio ukiwa umelowa, ndani ya beseni au kati ya beseni na kamba. Pasi hulaumiwa mno kwa mikunjo iliyokwisha kupatikana kabla haijawashwa.

Hatua ya kwanza ni kuujua uzi. Hapo zamani shifoni ilikuwa ya hariri pekee. Shifoni ya nailoni ilitokea mwaka 1938 na ya poliesta mwaka 1958, na leo mitandio mingi ya bei ya kawaida inayouzwa Kariakoo, Darajani au katika maduka ya Mombasa ni ya poliesta, hata pale muuzaji anapoiita hariri. Lebo ikiwa imekatwa, nyuzi mbili tatu zinazoning'inia kwenye upindo zinatosha kutoa jibu. Hushikwa kwa koleo dogo la nyusi juu ya sinki, mbali na mtandio wenyewe, na kuguswa na moto wa kiberiti. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu meusi yanayosagika kwa vidole yakishapoa. Poliesta hujikunyata ikikimbia moto, huyeyuka, na kuacha kijidonge kigumu kisichosagika.

Tofauti hiyo ina maana kubwa majini. Katika hewa ya kawaida hariri hubeba unyevu unaofikia karibu sehemu kumi ya mia ya uzito wake, na ikilowa hupoteza sehemu ya nguvu zake, hivyo huchanika na kuvutika kwa urahisi zaidi kuliko ikiwa kavu. Poliesta hunywa maji kidogo sana, chini ya sehemu moja ya mia, na nguvu zake hazipungui. Ndiyo maana hukauka haraka. Udhaifu wake uko kwenye joto. Poliesta ni aina ya plastiki, na inapofikia kati ya nyuzi joto 70 na 80 za Selsiasi huanza kulainika kwa ndani ingawa kwa macho haijabadilika. Ikikunjwa katika hali hiyo kisha ikapoa, umbo la mkunjo hubaki. Maji ya moto kutoka kwenye birika yakimwagwa juu ya mtandio, kisha mtandio huo ukakamuliwa kwa kusokotwa na kuachwa upoe ukiwa donge, hapo ndipo huzaliwa yale makunyanzi yasiyokubali pasi. Kwa shifoni, maji ya bomba yasiyopashwa moto yanatosha. Yakipashwa, yasizidi nyuzi 30, yaani mkono uyahisi kuwa vuguvugu hafifu tu.

Mfano mzuri ni mtandio wa poliesta wa rangi ya maziwa, wenye urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 70, uliovaliwa arusini Zanzibar. Penye kidevu una alama ya faundesheni, penye paji la uso una mafuta ya nywele, na chini ya kidevu na juu ya sikio kuna mahali palipochomwa pini. Maji ya nyumbani ni ya kisima.

Kazi huanza kwa kuondoa pini zote na bruchi, kisha kuupitisha mtandio mbele ya dirisha ili uonekane dhidi ya mwanga. Mwanga huonyesha uzi uliovutika, tundu, na doa ambalo kitambaa kikilazwa mezani halionekani. Pete na bangili huvuliwa. Kucha zenye ncha hupigwa tupa, na ngozi iliyokauka kwenye vidole hupakwa mafuta kidogo na kufutwa vizuri, kwa kuwa ngozi ngumu hunasa shifoni kama kucha. Beseni nalo hupapaswa kwa kiganja ndani na kwenye ukingo. Beseni la plastiki lililochakaa huwa na mikwaruzo na mabaki makali ya ukingo uliovunjika, na ni bora kufulia ndani ya sufuria pana nyororo kuliko ndani ya beseni kama hilo.

Doa la faundesheni hushughulikiwa kabla ya mtandio wote kuingia majini. Poliesta haipendi maji lakini hushikana na mafuta, na kwa sababu hiyo alama ya kidevuni inaweza kubaki hata baada ya kufuliwa mara mbili. Taulo jeupe hutandikwa mezani, sehemu yenye doa hulazwa juu yake uso ukitazama chini, kisha tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hubonyezwa kutoka upande wa nyuma kwa ncha ya kidole. Kidole hupanda na kushuka mahali pamoja. Hakisugui. Baada ya dakika chache doa huanza kuhamia kwenye taulo, na mtandio husogezwa juu ya sehemu safi ya taulo mpaka alama ipungue. Kusugua nguo kwa nguo, namna kola ya shati inavyofikichwa, husukuma nyuzi za shifoni kando na kuacha mahali penye ukungu ambapo mwanga hupita tofauti, na ukungu huo hubaki hata doa likishatoka.

Kisha huja maji yenyewe. Kwa mtandio mmoja lita nne au tano zinatosha, ili kitambaa kielee na kujitandaza bila kubanana. Sabuni huyeyushwa kwanza: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali, au kiasi hicho cha shampuu ya kawaida isiyo na mafuta ya kulainisha. Sabuni ya unga haifai sana, si kwa sababu ya ukali wake pekee, bali kwa kuwa chembe zisizoyeyuka hukaa katikati ya nyuzi na kukwaruza zinaposogea. Kwa hariri kuna sababu nyingine pia. Baadhi ya sabuni za unga huwekewa vimeng'enya vya kuondoa madoa ya damu na chakula, na vimeng'enya hivyo humeng'enya protini, wakati hariri yenyewe ni protini. Jiki haiguswi kabisa kwenye hariri. Huifanya kuwa ya manjano na kuila.

Kisima cha Zanzibar huleta jambo la pekee. Maji yanayotoka kwenye mawe ya matumbawe hubeba chokaa, na sabuni ya mche ikikutana na chokaa hufanya utando mweupe unaonata, ule unaoonekana ukizunguka ukingo wa beseni. Utando huo ukibaki kwenye shifoni, mtandio hukakamaa, hupoteza mwanguko wake, na ukiwa mweusi huonekana kama umepakwa vumbi. Wengi hudhani rangi imechuja. Dawa yake ni kutumia sabuni ya maji ya viwandani, ambayo haifanyi utando kirahisi, na kutafuta maji ya mvua au maji baridi yasiyo na chumvi kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho. Yakikosekana, kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe katika lita nne za maji ya kusuuzia huyeyusha utando uliobaki. Siki kiasi hicho haidhuru poliesta wala hariri, na harufu yake huisha mtandio ukikauka.

Mtandio wa rangi nzito ukifuliwa kwa mara ya kwanza hufuliwa peke yake. Kabla ya hapo kona moja hulowanishwa na kubonyezwa kwenye kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, muda wa kukaa majini hufupishwa na mtandio hauachwi hata kidogo ukiwa donge bichi.

Mtandio wetu wa rangi ya maziwa huingizwa majini ukiwa umefunguka, huachwa humo dakika tano, na hupandishwa na kushushwa polepole kwa viganja vilivyo wazi. Maji ndiyo yanayofanya kazi, kwa kupita kati ya nyuzi na kurudi. Hakuna haja ya kufikicha. Kosa la kawaida hutokea pale mfuaji anapoinua mtandio kwa kuushika ncha moja. Maji yote yaliyonaswa hushuka na kuning'inia kwenye ncha nyingine, uzito wake huvuta kwa mshazari, na kona iliyoshikwa hurefuka. Njia salama ni kuukusanya mtandio wote kwenye viganja viwili chini ya maji, kuuinua hivyo, na kuuacha uchuruzike wenyewe kwa muda mfupi kabla ya kuuhamishia kwenye maji safi.

Kusuuza hurudiwa mara mbili au tatu, mpaka maji yasitoe povu wala utelezi. Dawa ya kulainisha nguo si lazima. Kwa poliesta husaidia kupunguza umemetuli, ule unaofanya mtandio ung'ang'anie gauni na uso, hasa nyakati za ukavu na baridi za bara. Lakini ikizidi hufanya nyuzi ziteleze zaidi, na mtandio hukataa kukaa kichwani. Matone machache yaliyokorogwa kwanza ndani ya maji ya mwisho yanatosha, na kamwe hayamiminwi moja kwa moja juu ya kitambaa, kwa sababu huacha madoa yanayofanana na ya mafuta.

Mashine ya kufulia inaweza kutumika kwa poliesta, kwa masharti. Mtandio huwekwa ndani ya mfuko wa wavu wenye matundu madogo na zipu iliyofunikwa, peke yake au na nguo nyororo, mbali na sidiria zenye kulabu na suruali zenye zipu. Huchaguliwa mzunguko wa nguo laini na maji baridi, na mzunguko wa kukamua huzimwa au hushushwa hadi wa chini kabisa. Mashine inapokamua hubana kitambaa kwenye ukuta wa pipa, na mtandio mrefu hutoka humo ukiwa umejisokota. Hariri ni afadhali ibaki kwenye beseni.

Kuondoa maji ndiko kunakoamua sura ya mwisho. Kukamua kwa kusokota, ambako mikono imekuzoea kwa kanga na mashuka, huharibu shifoni kwa njia mbili kwa wakati mmoja: huvuta nyuzi kwa mshazari na huchapa mikunjo mikali inayokatana. Badala yake mtandio hulazwa juu ya taulo kavu la pamba lisilo na vitanzi vilivyochomoka, hunyooshwa kwa kiganja, kisha taulo huviringishwa pamoja nao kama jamvi. Mviringo huo hubonyezwa kutoka upande mmoja hadi mwingine na hufunguliwa papo hapo. Ukiachwa umeviringishwa, unyevu hubaki na mikunjo hukaa. Taulo la rangi lisilochuja linafaa, ila kwa mtandio mweupe taulo jeupe ndilo la kuaminika.

Kamba ya katani au ya waya wenye kutu haifai, na ukuta wa matofali au uzio wa mabati haufai zaidi. Mtandio huanikwa juu ya kitu kinene na nyororo, kwa mfano bomba la plastiki au kamba iliyofunikwa kwa taulo, ukikunjwa katikati ili pande mbili zining'inie sawasawa. Unene wa bomba huzuia mstari mkali wa katikati. Vibanio vya nguo huacha alama za meno na kuvuta kona, na upepo wa bahari huzidisha mvuto huo. Upepo ukiwa mkali, ncha mbili za chini hufungwa pamoja kwa utepe laini, au mtandio huanikwa ndani karibu na dirisha. Kivuli kinafaa kwa rangi zote, na kwa hariri ni lazima, kwani jua huipausha na kuidhoofisha. Kabla ya kuuacha, mfuaji hupitisha viganja kutoka juu kwenda chini na kunyoosha upindo kwa vidole. Upindo mwembamba ulioviringishwa na kushonwa hujikunja ukikaukia vibaya, na sehemu hiyo ndiyo ngumu zaidi kunyoosha baadaye. Poliesta iliyoanikwa hivi mara nyingi haihitaji pasi.

Mahali palipochomwa pini hushughulikiwa wakati huu, mtandio ukiwa na unyevu kidogo. Nyuzi zilizosogea husukumwa kurudi kwa upande wa nyuma wa kijiko, kwa miguso mifupi kutoka pande zote kuelekea katikati ya tundu. Tundu likizibika, hakuna uzi uliokatika. Uzi uliovutika na kufanya kitanzi haukatwi, kwa sababu ukikatwa ncha zake hurudi nyuma na kuacha mwanya wa kudumu. Kitanzi hugawanywa upya: kwa ncha butu ya sindano, uzi husogezwa kidogo kidogo kuelekea sehemu iliyojikunyata, pande zote mbili, mpaka mstari ulainike. Kinachobaki huvutwa kwenda upande wa nyuma wa mtandio. Ili matundu yasirudi mahali pale pale, ni vizuri kubadilisha pini za kawaida kwa sumaku za mitandio, au angalau kuhamisha mahali pa kuchoma.

Mikunjo iliyobaki huondolewa kwa mvuke au kwa pasi ya joto la chini. Mtandio ukitundikwa kwenye henga nene bafuni wakati maji ya moto yanatumika, mikunjo mepesi hushuka yenyewe. Pasi ikihitajika, alama ya nukta moja ndiyo ya kuanzia. Kati ya pasi na shifoni huwekwa kitambaa cheupe chembamba cha pamba. Pasi hubonyezwa na kuinuliwa, maana ikiburutwa kwa mshazari huvuta kitambaa kutoka kwenye mstari wake. Hariri hupigwa pasi ikiwa bado ina unyevu uliosambaa sawasawa. Ikishakauka, kuinyunyizia matone huacha miduara ya maji, na namna pekee ya kuiondoa ni kuulowanisha mtandio wote upya. Pasi ya mkaa haina kipimo cha joto na hutema cheche; kwa shifoni ni hatari, hata mikononi mwa mzoefu.

Mkunjo uliokwisha kukaa kwenye poliesta huhitaji mbinu ya tofauti kidogo. Sehemu hiyo hulowanishwa, hufunikwa kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu, na pasi ya nukta mbili hubonyezwa juu kwa sekunde chache. Kisha, na hapa ndipo wengi huharibu kazi, mtandio huachwa ukiwa umelala hadi upoe kabisa. Ukiinuliwa ungali moto, hupoa ukiwa umejikunja na kupata mkunjo mpya. Ikiwa mkunjo ulitokana na joto kali kuliko la pasi hiyo, kama lile la mashine ya kukaushia iliyojaa kupita kiasi au chuma kilichowaka, hautatoka wote. Kuongeza joto zaidi huleta mng'aro wa plastiki usioondoka, na kitambaa huanza kunata kwenye pasi. Mng'aro wa kwanza ukionekana, kazi husimama.

Shifoni yenye marinda ya kiwandani hufuata kanuni hiyo hiyo kwa upande wa pili, kwani marinda hayo yametengenezwa kwa kuikunja poliesta na kuipasha joto. Maji baridi hayayafuti. Hufuliwa kwa kubonyezwa, kisha hukusanywa kwa urefu marinda yakifuatana, huingizwa ndani ya mguu wa soksi ndefu nyembamba, na kutundikwa mpaka ikauke. Pasi haiguswi.

Mtandio uliokauka kabisa huviringishwa kwenye bomba la karatasi ngumu au hutundikwa kwenye henga nene, mbali na henga za waya na nguo zenye kulabu. Unyevu ukibaki, hasa wakati wa masika, ukungu huacha vidoa vyeusi ndani ya siku chache. Hariri inayohifadhiwa kwa muda mrefu hufunguliwa kila baada ya miezi michache na kukunjwa upya, mikunjo ikipitishwa mahali pengine, kwa sababu nyuzi zake hukatika kwanza pale zilipokunjwa kwa muda mrefu.